Dhana potofu kuhusu rangi za lebo za sabuni inayouzwa mezani

"Sabuni ya asili lebo yake ni ya kijani." Hii nimeisikia mara nyingi, na mimi mwenyewe niliifuata. Sabuni yangu ya karafuu huwa ya kahawia hata nisipotia rangi, kwa sababu mafuta ya karafuu yenyewe huigeuza. Nikaifunga kwa lebo ya kijani kibichi yenye maandishi ya kahawia. Kwenye simu ilipendeza kweli. Mezani, chini ya turubai la buluu, ilikuwa kama rundo la vipande vya udongo.

Ukweli ni kwamba rangi haionekani peke yake. Mwanga ukipita kwenye turubai la buluu, nyekundu na kahawia hufifia na kukaribia weusi. Ukiuzia chini ya mwavuli mwekundu, kijani ndicho kinachoumia. Halafu jirani naye kaweka kijani, na jirani wa jirani vilevile. Kwa hiyo chapa karatasi moja tu yenye lebo za rangi tatu, zivishe sabuni, ziweke kwenye meza yako hasa, saa za kuuza. Rudi nyuma hatua tano, kisha fumba macho nusu. Lebo ambayo jina lake bado linasomeka ndiyo yako. Mimi niliishia na karatasi ya rangi ya maziwa, herufi nyeusi, na kijani kikabaki mstari mmoja chini.

"Ukifunga kwa nailoni inang'aa, sabuni inaonekana ya dukani." Labda siku ya kwanza. Sabuni iliyotengenezwa bila kupikwa huhitaji wiki 4 hadi 6 kukauka, na ukiifunga mapema maji yanakosa pa kutokea. Pwani kuna tatizo jingine: gliserini iliyomo huvuta unyevu wa hewani, sabuni ikatoka jasho na lebo ikakunjamana. Ukanda wa karatasi unaoacha ncha mbili wazi unatosha, na mteja atanusa bila kuchana kitu. Ila usiuvishe kabla sabuni haijakomaa. Inasinyaa, na ukanda utavuka wenyewe kama bangili kubwa.

Wino nao ujaribiwe kabla hujachapa lebo mia. Dondosha tone la maji, subiri kidogo, pitisha kidole. Wino wa printa za kawaida za majumbani mara nyingi hutapakaa. Wa printa ya leza hushika.

Kwa wauza vyakula, dhana iliyozoeleka ni kwamba chupa angavu ndiyo bora kwa sababu mteja anaona kilichomo. Anaona, ni kweli, lakini mwanga huharakisha siagi ya karanga kuchacha na hupausha pilipili ya unga. Acha kidirisha kidogo tu, upande wa pili ufunikwe na lebo, na huo ndio uelekee jua. Tarehe na viungo viandike kwa wino mweusi, maana mwekundu na wa njano hutangulia kupauka.