Esta, amidi, anhidridi na laktoni: tafuta C=O kwanza ndo utaje jina

Hizi familia zote zinatokana na asidi ya kaboksili, kwa hiyo ukishaona C=O swali linabaki moja tu, hiyo kaboni imeshikana na nini upande wa pili. Ikiwa na klorini ni kloridi ya asidi, nitrojeni ni amidi, oksijeni yenye kaboni ya kawaida mbele yake ni esta, na oksijeni yenye C=O nyingine mbele yake ni anhidridi. Laktoni ni esta tu iliyojifunga ikawa ringi.

Watu wengi wanapotea kwenye esta, basi tukae hapo. Chukua CH3CH2COOCH3 na CH3COOCH2CH3. Zote ni C4H8O2, ukiziangalia haraka unaona kitu kimoja, ila majina ni tofauti kabisa. Kata molekuli kwenye ile oksijeni yenye bondi moja moja. Kipande chenye C=O ndo upande wa asidi, na hesabu ya kaboni zake inaanzia kwenye C=O yenyewe, usiiruke! Ya kwanza ina kaboni 3 upande huo, kwa hiyo propanoati, na upande wa pili ni CH3, methili. Jina linaanza na kipande cha oksijeni halafu asidi inakuja mwisho: methili propanoati. Ya pili ni ethili ethanoati.

Sasa mtego wenyewe, kwenye mtihani wanaweza kuiandika kinyumenyume, CH3CH2OCOCH3, mtu anasoma kushoto kwenda kulia anaona kaboni mbili mwanzoni kisha O anachanganyikiwa. Usijali upande gani umeandikwa kwanza, uliza C=O iko wapi. Hapa iko kulia, pamoja na CH3 ya mwisho, kwa hiyo bado ni ethili ethanoati.

Kuchora kutoka kwenye jina ni kurudi njia ileile. Mfano 2-methilipropili 3-methilibutanoati. Anza na asidi maana ndo inabeba C=O: butanoati ni kaboni 4, namba 1 ni C=O, unaning'iniza methili kwenye namba 3, unapata (CH3)2CHCH2CO. Weka O. Upande wa pili hesabu inaanza upya, namba 1 ni kaboni iliyogusa oksijeni, propili ni 3, methili kwenye ya 2, unapata CH2CH(CH3)2. Unganisha: (CH3)2CHCH2COOCH2CH(CH3)2. Kuna namba za aina mbili kwenye jina moja na kila moja ina mwanzo wake, ukiziunganisha kama cheni moja ndefu umeharibu. Kujihakiki hesabu kaboni, 4+1 upande wa asidi na 3+1 upande wa pili, jumla 9, mchoro wako ukiwa na pungufu rudi nyuma.

Ukishaelewa hiyo zingine ni haraka. CH3CH2COCl ni propanoili kloridi. CH3CH2CONHCH3 ni N-methilipropanamidi, ile N inasema methili iko kwenye nitrojeni na siyo kwenye cheni, ukiisahau umetaja kitu kingine. Anhidridi kama pande zote zinafanana unataja asidi mara moja, (CH3CO)2O ni anhidridi ya ethanoiki, zikitofautiana kama CH3COOCOCH2CH3 unataja zote mbili kwa alfabeti: anhidridi ya ethanoiki na propanoiki. Watu huiita hii esta kwa sababu wanaona COO wanasimama hapohapo, wakati walitakiwa kuangalia mbele ya O kuna nini.

Laktoni inakataa mbinu ya kukata, maana ukikata kwenye O ringi inafunguka na unabaki na kipande kimoja tu. Kwa hiyo inaitwa kama ringi: oksijeni ya ringi ni namba 1, kaboni ya C=O ni namba 2. Ringi ya atomu 5 yenye oksijeni moja ndani, isiyo na bondi mbili kati ya atomu za ringi, ni oksolani, kwa hiyo laktoni yake ni oksolani-2-oni. Ukiambiwa uchore 5-methilioksolani-2-oni, chora pembetano, O kwenye kona moja, C=O jirani yake, halafu zunguka kuelekea upande wa C=O mpaka namba 5, ambayo itakuwa jirani wa pili wa O, weka methili hapo. Ukizunguka upande mwingine C=O itaangukia 5 badala ya 2, hapo ujue umekosea.

Kuna pia jina la zamani, gama-butirolaktoni, ambalo bado linatumika sana kwa oksolani-2-oni. Hapo alfa ni kaboni iliyo jirani na C=O, beta inafuata, na gama ndo inayoshika oksijeni. Yaani ni asidi ya 4-haidroksibutanoiki iliyopoteza maji ikajifunga, kaboni 4 na oksijeni 1, ringi ya 5. Delta basi ni ringi ya 6, na beta ni ya 4.