Shawa ya moto kwenye waya wa 2.5: kwa nini breka kubwa haikuokoi

Juni na Julai huku Mbeya hakuna anayetaka kuoga maji ya bombani yalivyo. Ndiyo maana shawa za umeme zimejaa mjini, na ndiyo maana miezi hiyo mafundi umeme tunaitwa sana. Malalamiko yanafanana: breka inakatika, taa zinafifia mtu akioga, au kuna harufu ya kuungua darini na hakuna anayejua inatoka wapi.

Nitaeleza nyumba moja ya Uyole, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu ninachotaka kusema kuhusu ukubwa wa waya. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Nyumba ilifungwa umeme kwa kawaida ya kwetu: waya wa 1.5 kwa taa, waya wa 2.5 kwa soketi, vyote ndani ya konduti za plastiki. Baadaye akanunua shawa ya wati 5,500. Fundi aliyemfungia alichukua umeme kwenye janksheni boksi ya soketi za chumbani, ukutani tu nyuma ya bafu, kwa waya uleule wa 2.5. Breka ya soketi ilikuwa ya ampia 20. Mtu akioga huku mwingine anachemsha maji kwa birika la umeme, breka inakatika. Fundi akarudi, akatoa breka ya 20, akaweka ya 32. Kukatika kukaisha. Baada ya muda ikaanza harufu.

"Fundi, mbona ilikaa vizuri muda wote huo?" mwalimu aliniuliza nikiwa bado juu ya ngazi. Ni swali zuri, na nitalirudia nikishaeleza hesabu.

Tuanze na shawa yenyewe. Kwenye kibandiko chake imeandikwa wati 5,500 kwa volti 220. Gawanya, unapata ampia 25. Lakini umeme wa kwetu ni volti 230, na ile koili ya ndani haijui kibandiko kinasema nini: volti zikipanda na ampia zinapanda. Kwa 230 inavuta takriban 26. Hapa ni tofauti na vifaa vyenye mota, ambavyo mara nyingi volti zikishuka ndipo vinavuta zaidi. Kwa hiyo kwa shawa fanya hesabu kwa volti halisi za nyumbani, siyo za kibandiko.

Sasa waya. Ile namba 2.5 ni eneo la uso wa shaba ukiukata waya, kwa milimita za mraba. Majedwali ya BS 7671, kanuni za Uingereza za kufunga umeme, ambayo ndiyo ninayotumia, yanasema waya mmojammoja wa 2.5 wenye ganda la PVC, ukiwa ndani ya konduti ya ukutani, unabeba ampia 24. Wa 1.5 unabeba 17.5, wa 4 unabeba 32, wa 6 unabeba 41. Watu wengi hudhani ukizidisha 24 kidogo tu shaba itayeyuka. Sivyo. Shaba inayeyuka kwenye nyuzijoto zaidi ya 1,000. Kinacholindwa na hiyo 24 ni ganda. PVC ya kawaida imetengenezwa kuishi kwenye nyuzijoto 70, na jedwali linasema hivi: kama mazingira yana nyuzijoto 30, ampia 24 zitaupandisha waya huo kwa nyuzi 40 na utatulia kwenye 70. Basi. Hakuna siri nyingine.

Joto hilo linatoka wapi? Shaba ni njia nzuri ya umeme lakini si njia kamili. Mita moja ya waya wa 2.5 ina ukinzani wa takriban 0.0074 ya omu, na joto linalozaliwa ni mkondo kuzidisha mkondo kuzidisha ukinzani:

P = I²R

Huo mraba ndio unaowaponza watu. Ampia zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Shawa ya mwalimu peke yake, ampia 26, inazalisha wati 5 kwa kila mita ya waya. Ongeza birika la wati 2,000, karibu ampia 9, jumla 35: sasa ni wati 9 kwa kila mita, na hapo laivu na nyutro zote zinachemka pamoja ndani ya konduti moja iliyozikwa kwenye plasta. Waya mwembamba una mikosi miwili kwa wakati mmoja. Ukinzani wake ni mkubwa, kwa hiyo unazalisha joto zaidi. Na ngozi yake ya nje ni ndogo, kwa hiyo una sehemu ndogo ya kulitoa hilo joto. Halafu shaba yenyewe ikishapata moto ukinzani wake unazidi kupanda, takriban asilimia 20 kutoka nyuzijoto 20 hadi 70.

Chukua 35, gawa kwa 24, zidisha jibu kwa lenyewe: unapata kama 2.1. Yale mapando ya nyuzi 40 yanakuwa 85. Weka juu ya 20 za ukuta wa Mbeya, unafika 105. Na hapo sijahesabu kwamba kwenye konduti hiyohiyo kulikuwa na nyaya za sakiti nyingine. Sakiti mbili zikikaa pamoja, unatakiwa kuzidisha uwezo kwa 0.8, na 24 yetu inashuka hadi 19.

Breka ya 32 ilikuwa inafanya nini wakati huo? Ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa. Breka ya 32 imetengenezwa isikatike hata ikipitisha ampia 36 kwa saa nzima, na ina ruhusa ya kusubiri hadi saa moja ikipitisha 46. Mzigo wa mwalimu ni 35. Haikuona kosa lolote. Breka haipo kwa ajili ya kulinda shawa wala birika, ipo kulinda waya uliofungwa nyuma yake. Ile ya 20 iliyokuwa inakatika ndiyo iliyokuwa inasema kweli.

Sasa swali la mwalimu. Watu huoga dakika kumi, siyo saa tatu. Waya ukutani unachukua dakika kadhaa kupanda joto, na kabla haujafika kileleni mtu amefunga maji. Halafu ni alfajiri, kuna baridi, ukuta wenyewe ni wa baridi. Kwa hiyo ganda halikuyeyuka siku ya kwanza. Liliokwa kidogokidogo. PVC ikipitishwa mara kwa mara juu ya 70 inapoteza kile kilainishi kilichochanganywa ndani yake, inakakamaa, inabadilika rangi, mwisho inapasuka ukiikunja. Na kabla ya hapo, maungio huwa yameshalegea: shaba inatanuka ikipata moto na kusinyaa ikipoa, kila asubuhi na kila jioni, skrubu inapoteza mkazo, na ungio lililolegea lina joto lake lenyewe juu ya lile la waya.

Ndivyo nilivyokuta kwenye janksheni boksi. Katikati ya konduti waya ulionekana mzima, lakini sentimita chache za mwisho ganda jekundu lilikuwa la kahawia na gumu kama kijiti. Shaba ilikuwa nyeusi. Kiunganishi cha plastiki kilikuwa kimeanza kulainika upande mmoja. Usipojua pa kutazama, tazama hapo kwanza: ncha za waya kwenye breka, kwenye soketi, kwenye maungio. Na usidanganyike na hewa ya Mbeya. Chini ya bati, juu ya dari, saa saba mchana wa Oktoba ni nchi nyingine kabisa. Kwa nyuzijoto 40 waya wa PVC unabaki na asilimia 87 tu ya uwezo wake.

Tulichofanya ni kuvuta njia mpya kutoka meni swichi hadi bafuni, kama mita 18, kwa ajili ya shawa tu. Mwalimu aliuliza kama waya wa 4 hautoshi, kwa kuwa ni nafuu. Nilimpigia hesabu kwenye karatasi. Breka lazima iwe kubwa kuliko mzigo na ndogo kuliko uwezo wa waya. Sehemu ya njia inapita pamoja na sakiti nyingine, kwa hiyo uwezo wa waya wa 4 ni 32 mara 0.8, yaani 25.6. Shawa inataka 26. Haupiti, na breka ya 32 juu yake ingekuwa kurudia yaleyale. Waya wa 6: 41 mara 0.8 ni 32.8. Shawa 26, breka 32, waya 32.8. Vinapangana. Upotevu wa volti kwa mita hizo 18 ni kama 3.4, na taa hazififii tena.

Kuhusu ganda, kwa kazi hii PVC ya nyuzi 70 inatosha. Muuzaji anaweza kukuambia chukua waya wenye ganda la XLPE, ambalo linavumilia 90, halafu ushuke saizi moja. Ganda kweli linavumilia. Lakini breka, swichi na soketi utakazoufunga zimetengenezwa kwa waya usiozidi 70, na joto la shaba litaingia humo. Mimi XLPE naitumia kwenye kebo yenye chuma inayozikwa ardhini, siyo kama njia ya kubania shaba. Jambo dogo kwa wenzangu wa Makete na Kitulo, kunakoanguka barafu: usivute wala kukunja PVC alfajiri ikiwa imeganda, ngoja jua liipate, maana ikiwa baridi hivyo inapasuka.

Pale shawa inapounganishwa tuliweka kiunganishi cha kauri badala ya plastiki, ethi yake, swichi ya kukata laivu na nyutro nje ya bafu, na kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampia 30. Plagi hapana: ya ampia 13 haibebi 26. Soketi za chumbani nikaziwekea breka ya 16, ndogo kuliko ile 19 ya waya wake, baada ya kukata ncha zilizoungua hadi kwenye shaba inayong'aa.

Kabla ya kuvuta waya mpya niliupima, kwa sababu maandishi ya ubavuni siku hizi hayatoshi. Waya wa 6 huwa na nyuzi saba, kila mmoja takriban milimita 1.04. Menya mita moja, weka kwenye mizani ndogo: shaba yake iwe karibu gramu 53. Ya 2.5 ni karibu gramu 22. Ukiukwangua kwa kisu na ukaona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na hesabu zote za hapo juu hazihusiki nayo.

Hizi namba ni za shawa ya wati 5,500. Zipo za 7,500, ambazo kwa volti 230 zinavuta karibu ampia 36. Hapo waya wa 6 ukiwa na jirani kwenye konduti hautoshi. Ni wa 10, na breka ya 40.