Je, wajua leni za bodi ya kazi zinaficha nini?

"Bodi yetu tuigawe leni kwa mtu, kwa kipengele au kwa uharaka? Kwani kuna tofauti gani, si kadi ni zile zile?"

Leni ni mistari ya kulala inayoigawa bodi, na kila kadi ni kazi moja. Kadi ni zile zile kweli, ila macho yanafuata mstari, na kilichokatwa na mstari hukioni.

Sisi tuko watano, ofisi ipo Mwanga hapa Kigoma, tunatengeneza apu ya wauza dagaa wa Kibirizi waandike magunia na madeni. Bodi ni ukuta na karatasi za gundi. Tulianza kwa mtu, kila mmoja na leni yake, asubuhi kila mtu anaongelea mstari wake na wote tunaonekana tuko bize. Kumbe kadi ya malipo ya simu imekaa siku 9! Ilikuwa kwenye leni ya dada aliyeiandika, yeye kashamaliza, anasubiri jamaa wa databesi aipitie, na ukitazama leni ya jamaa unakuta kadi moja tu unasema huyu hana mzigo, wakati kadi 4 za wenzake zinamsubiri yeye. Kadi inakaa kwa mwenye nayo, anayesubiriwa haonekani.

Tukahamia kwa kipengele: malipo, madeni, ripoti. Hapo kukwama kunaonekana haraka, leni ya malipo ina kadi 2 zimeisha na moja imeganda kwenye kupitiwa. Ila sasa jamaa ndo akapotea kabisa, kazi zake zimetawanyika leni 3 na hakuna anayejumlisha. Dawa yake tulimpa kila mtu stika 2 za rangi yake, na stika inabandikwa kwenye kadi inayomsubiri yeye, hata kama ni ya mwenzake. Zikiisha huchukui nyingine mpaka umalize moja.

Leni ya uharaka ina raha yake siku apu imegoma na mitumbwi imerudi alfajiri, kila mtu anajua aache nini. Lakini usipoiwekea kikomo cha kadi moja inajaa, mteja akipiga simu kadi inapanda juu, na za kawaida zinazeeka chini kimya kimya. Tulianza kuweka nukta kwa kalamu kila siku kadi inapolala safu ile ile, yaani hatua ile ile ya kazi, tukakuta kadi ya bakapu ina nukta 21. Haikuwa dharura kwa yeyote, na madeni ya watu wote yalikuwa kwenye kompyuta moja.

Sasa hivi tuna leni za vipengele, juu yake moja ya dharura, na watu tunawaona kwa stika. Ukutani unachanganya hivyo bila shida, ila kwenye Jira, programu ya bodi za kazi, unachagua msingi mmoja tu wa leni, ukiweka `Epics` kupata vipengele huwezi kuweka na `Queries` kutenga dharura, kwa hiyo kadi za dharura zipeni rangi yake.