Siku ya tatu baada ya tohara: uvimbe, usaha au damu?

Mwanangu ana miaka 7, ametahiriwa juzi hospitali. Leo siku ya tatu, chini ya kichwa cha uume pamevimba kama pete, na juu yake kuna utando wa njano. Huo si usaha?

Kwa ulivyoeleza, mama, hapana. Ngozi laini iliyobaki chini ya kichwa hujaa maji baada ya kukatwa, na siku ya pili na ya tatu ndipo inapovimba zaidi. Kisha hunywea taratibu, wakati mwingine hadi wiki 2. Utando huo umeshika kwenye kidonda, haunuki wala haumiminiki. Ngozi mpya inaota chini yake, kwa hiyo usiukwangue, hata kama macho yako yanaona uchafu.

Usaha ni mzito, hutoka na kunuka, na hauji peke yake. Mtazame mtoto kila jioni baada ya kumwogesha, ulinganishe na jana. Kidonda kinachopona, maumivu yake hupungua. Mtoto aliyekuwa anacheza jana, leo akitembea amepanua miguu huku analia, wekundu unapanda kuelekea kinenani au homa imefika nyuzi 38, mrudishe alikotahiriwa siku hiyohiyo. Asipokojoa kwa saa 8, au kichwa kikigeuka bluu au cheusi, msisubiri kuche; huenda bandeji imembana.

Kwa joto letu la Dar, mfunge kanga badala ya suruali ili apate hewa. Majivu na dawa za unga usipake kabisa, hata bibi akisisitiza. Vinaweza kuleta pepopunda, na pepopunda inaua.

Mimi ni mtu mzima, miaka 29. Usiku wa pili uume ulisimama nikiwa usingizini, nikaamka na damu kwenye mshono. Niende hospitali?

Inategemea damu yenyewe, kaka. Doa dogo kwenye bandeji lisiloongezeka ni la kawaida. Ikiwa inadondoka, chukua kitambaa safi, zungushia pale inapotoka, ubane kwa nguvu dakika 10 kamili ukitazama saa. Wengi hukosea hapa: wanafunua kila dakika kuchungulia, na damu iliyoanza kuganda inabanduka. Baada ya dakika hizo, ikiwa bado inatoka au kitambaa kimelowa chote, endelea kubana na uende usiku huohuo. Mwananyamala, Amana na Temeke wanapokea dharura. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Aspirini iache, inachelewesha damu kuganda.

Uume ukisimama tena, amka ukojoe, tembeatembea chumbani, utalala. Nyuzi nyingi huyeyuka zenyewe ndani ya wiki 2 au 3, na hapo ndipo wanaume hujiona wamepona. Bado. Kaa wiki 6 bila tendo la ndoa wala kujichua. Mshono mchanga huchanika, na kidonda wazi ni mlango wa virusi vya UKIMWI. Mweleze mwenzako hesabu hiyo mapema, muihesabu pamoja.