Saundi kadi haijaungua: dhana potofu baada ya Windows kujisasisha

Dhana: Saundi kadi ikipotea kwenye kompyuta, imekufa.

Juzi niliitwa studio moja ya kwaya. Waimbaji wameshapanga foleni, na fundi wao alikuwa tayari anatafuta hela ya kadi nyingine. Nikabofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya Start, nikafungua Device Manager, kisha nikachomoa waya wa USB na kuuchomeka tena. Orodha ikacheza, na jina la kadi likatokea lenye pembetatu ya njano. Basi kadi ni nzima. Kilichoharibika ni draiva, yaani programu inayoifanya Windows iitambue kadi. Orodha isipocheza kabisa, hapo ndipo umshuku waya, tundu au kadi yenyewe.

Dhana: Muziki unasikika, kwa hiyo draiva ipo.

Hii ndiyo inayopotosha wengi. Sasisho kubwa kama 24H2 la Windows 11 ni kama Windows mpya inayotandikwa juu ya ile ya zamani, na draiva zinahamishwa kutoka huku kwenda kule. Ya kadi yako ikiachwa njiani, Windows inaweza kuweka draiva yake ya jumla, `usbaudio2.sys`, iliyoanza na Windows 10 mwaka 2017. Hiyo inapiga muziki wa kivinjari vizuri tu, lakini haileti ASIO ya mtengenezaji, ile njia ambayo programu ya kurekodi huitumia kuifikia kadi. Ndiyo maana spika zinalia huku programu ya kurekodi haioni kadi.

Dhana: Weka draiva upya juu ya ile ya zamani, yatosha.

Mara nyingi mabaki ya zamani hurudi. Pakua kwanza draiva mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji, inayotaja Windows 11. Kwenye Device Manager bofya View, kisha Show hidden devices. Bofya kulia jina la kadi, chagua Uninstall device, na utie alama kwenye kisanduku cha kufuta draiva. Usipotia, faili linabaki na Windows italirudisha lile lile. Chomoa kadi, zima na uwashe kompyuta, endesha faili ulilopakua, na uchomeke kadi pale tu litakapokuambia. Pale studioni ilichukua kama robo saa.

Ukikuta kosa la Code 39 kwenye Device Manager, yaani Windows imeshindwa kupakia draiva, angalia Core isolation ndani ya Windows Security: Memory integrity huzuia draiva za zamani zisizoendana nayo. Wengi huizima. Mimi sishauri, maana ni kinga dhidi ya programu hasidi. Tafuta kwanza draiva mpya zaidi.

Ukimaliza, ichague ASIO ya kadi upya ndani ya programu ya kurekodi. Maikrofoni ikiwa bado kimya ilhali spika zinalia, fungua Settings, Privacy & security, Microphone, uwashe Let desktop apps access your microphone.