Jedwali la fakti halibebi kila kitu: dhana potofu kuhusu skima ya nyota ya mauzo

Dhana: "Gharama ya usafirishaji iweke tu kwenye jedwali la fakti, ripoti itajumlisha yenyewe"

Hii nimeisikia mpaka imenichosha. Mteja ana jedwali zuri la fakti, yaani jedwali la katikati la skima ya nyota linalobeba namba za mauzo, ambalo kila mstari wake ni bidhaa moja ndani ya ankara moja. Kisha idara ya fedha inataka kuona gharama ya usafirishaji, na mtu anaongeza safu moja, ananakili kiasi kutoka kwenye kichwa cha ankara, na kuona kazi imekwisha. Miezi miwili baadaye ripoti haikubaliani na vitabu vya hesabu, na lawama zinaangukia programu ya ripoti.

Programu haina kosa. Jedwali la fakti lina ngazi yake ya undani, yaani jibu la swali moja: mstari mmoja unawakilisha nini? Jibu likiwa "bidhaa moja ndani ya ankara", basi kila namba iliyomo lazima iwe ya bidhaa hiyo ndani ya ankara hiyo. Gharama ya usafirishaji ni ya ankara nzima. Ukiipachika kwenye mstari wa bidhaa umechanganya ngazi mbili ndani ya jedwali moja, na hakuna hesabu itakayokunusuru.

Chukua ankara namba 5001 yenye mistari mitatu ya thamani 40,000, 25,000 na 35,000. Jumla ni 100,000, na usafirishaji wa mzigo wote ni 6,000. Ukinakili 6,000 kwenye kila mstari, `SUM(usafirishaji)` itakupa 18,000. Ankara yenye bidhaa moja itatoa jibu sahihi, na yenye bidhaa kumi itazidisha mara kumi. Ndiyo maana kosa hili hujificha: anayejaribu mfumo kwa ankara ndogo haoni chochote.

Hapo ndipo huja mtu na dawa mbaya kuliko ugonjwa: `SUM(DISTINCT usafirishaji)`. Kwa ankara 5001 peke yake inarudisha 6,000 na kila mtu anafurahi. Sasa ongeza ankara 5002 yenye mistari miwili, ambayo nayo ilitozwa 6,000. Jibu sahihi kwa zote mbili ni 12,000. `SUM` ya kawaida inasema 30,000, na yenye `DISTINCT` inasema 6,000, kwa sababu inaondoa thamani zinazofanana bila kujali zimetoka ankara gani. Kampuni zinazotoza viwango maalum vya usafirishaji zitapata ripoti iliyopungua vibaya, na jumla iliyopungua haishtui watu haraka kama iliyozidi.

Kujua kama jedwali lako lina ugonjwa huu ni rahisi:

```sql
SELECT namba_ankara, COUNT(*), SUM(usafirishaji)
FROM fakti_mauzo
GROUP BY namba_ankara
HAVING COUNT(*) > 1
   AND MIN(usafirishaji) = MAX(usafirishaji)
   AND MAX(usafirishaji) > 0;
```

Hii inatoa ankara zenye mistari zaidi ya mmoja ambazo kila mstari una kiasi kilekile. Chache zinaweza kuwa halali, mathalani bidhaa mbili za bei sawa. Lakini karibu ankara zote zikijitokeza, kiasi kimenakiliwa.

Tiba ninayoipendekeza kwanza ni kugawa gharama kwa uwiano wa thamani ya kila mstari, kazi inayofanyika wakati wa kupakia data, kabla ripoti haijagusa chochote. Kwa ankara 5001, mstari wa 40,000 unabeba asilimia 40 ya 6,000, yaani 2,400. Wa pili unabeba 1,500 na wa tatu 2,100. Ukijumlisha unapata 6,000 kamili. Zaidi ya hapo, sasa unaweza kuuliza usafirishaji umegharimu kiasi gani kwa kila aina ya bidhaa, swali ambalo kabla ya hapo halikuwa na jibu.

Mambo mawili husahaulika. La kwanza ni masalia ya kukadiria: ukigawa 1,000 kwa mistari mitatu iliyo sawa bila desimali unapata 333 mara tatu, na 1 inapotea. Iongeze kwenye mstari mmoja, mimi huchagua wenye thamani kubwa zaidi au wa kwanza zikilingana, ili jumla irudi palepale. La pili ni ankara ya sampuli za bure, yenye jumla ya sifuri. Uwiano hapo unagawanya kwa sifuri na upakiaji unakwama, kwa hiyo gawa sawa kwa idadi ya mistari.

Kanuni ya kugawa si ya kuamuliwa na fundi wa hifadhidata peke yake. Idara ya fedha inaweza kutaka uzito badala ya thamani, na ina haki. Wasipokubaliana, tengeneza jedwali la pili la fakti ambalo mstari wake ni ankara nzima, litumie dimensheni zilezile, yaani majedwali ya maelezo, za tarehe na mteja. Ila usije ukayaunganisha majedwali hayo mawili moja kwa moja kwa namba ya ankara, maana 6,000 itajirudia mara tatu tena. Jumlisha kila moja kivyake, kwa mwezi au kwa mteja, halafu ndipo uunganishe matokeo.

Dhana: "Namba ya mteja tunayo tayari kwenye mfumo wa mauzo, ufunguo mwingine wa nini?"

Wa kutunza historia. Mteja 870 alikuwa kanda ya Kaskazini, na Julai akahamia Kusini. Ukifuta "Kaskazini" na kuandika "Kusini", mauzo yake yote ya Januari hadi Juni yanahama naye, na ripoti ya Kaskazini iliyokwisha kuidhinishwa inabadilika bila mtu kuuza chochote.

Mpe kila mstari wa dimensheni ufunguo wake wa namba usio na maana nyingine. Mteja 870 wa Kaskazini awe ufunguo 41, na wa Kusini awe ufunguo 1293, kila mmoja na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mauzo ya zamani yanaelekea 41, mapya yanaelekea 1293. Namba 870 ibaki kama safu ya kawaida, kwa sababu ukihesabu wateja kwa ufunguo mpya utamhesabu mtu mmoja mara mbili.

Dhana: "Jina la aina ya bidhaa linajirudia, lihamishie kwenye jedwali lake"

Liache kwenye dimensheni ya bidhaa. Bidhaa 5,000 zenye jina la aina la herufi 20 ni takriban kilobaiti 100. Huwezi kuokoa nafasi ya maana hapo, kwa sababu nafasi inaliwa na mamilioni ya mistari ya fakti. Unachopata ni muunganisho wa ziada katika kila ripoti.

Dhana: "Hifadhi asilimia ya faida kwenye fakti, itarahisisha ripoti"

Mstari mmoja una mauzo 100,000 na faida 10,000, sawa na asilimia 10. Mwingine una mauzo 10,000 na faida 5,000, sawa na asilimia 50. Wastani wa asilimia hizo ni 30, lakini faida halisi ni 15,000 kwa mauzo 110,000, kama asilimia 13.6. Hifadhi mauzo na faida, zote mbili zinajumlishika, na asilimia ikokotolewe mwisho kabisa, baada ya kujumlisha.