Kukeneka mara kumi hakukupi ethanoli tupu

Watengeneza manukato wa hapa Unguja wananijia na imani ileile: spiriti ikirudiwa kukenekwa, mwisho maji yote yatabaki chunguni, kwani maji huchemka kwa nyuzi 100 na ethanoli kwa nyuzi 78.4. Si kweli, na kuni zinateketea bure.

Hesabu hiyo inaichukulia Sheria ya Raoult, isemayo kila kimiminika huchangia mvuke kwa kadiri ya sehemu yake ya molekuli, kana kwamba kila mchanganyiko unaitii. Tazama spiriti yenye ethanoli asilimia 95.6 kwa uzito, inayochemka kwa nyuzi 78.2 kwenye kanieneo ya kawaida, milimita 760 za zebaki. Katika kila molekuli 1,000, maji ni 106. Kwa joto hilo maji matupu hutoa mvuke wa milimita 329, na ethanoli tupu 755. Kwa Raoult, maji yangechangia 0.106 × 329, yaani milimita 35. Kwa kweli yanachangia karibu 81. Uwiano wa 81 kwa 35 ndio gama ya maji, yaani kipimo cha jinsi yanavyoiacha Sheria ya Raoult: 2.3.

Sababu ni hii: maji hushikana sana yenyewe kwa yenyewe. Yakiwa machache katikati ya ethanoli, hayana wenzao wa kuyashika, basi hutoroka upesi. Ethanoli imezungukwa na ethanoli, gama yake ni karibu 1. Sasa gawanya 755 kwa 329: ethanoli ina nafuu ya mara 2.3 juu ya maji, na gama ya maji inaifuta yote. Mvuke unapanda ukiwa na mchanganyiko uleule wa kimiminika. Hiyo ndiyo azeotropu, na hata uongeze trei hamsini kwenye mnara wa kukenekea hutoki hapo. Utaijua: kipimajoto cha juu ya mnara kinaganda kwenye nyuzi 78.2 na haidromita haisogei.

Ukitaka kuyatoa maji yaliyobaki, tumia punje za zeolaiti 3A. Tundu zake huingiza maji na kuizuia ethanoli. Msichukue 4A, maana hiyo hunyonya na ethanoli kidogo. Lita moja ya spiriti hiyo ina gramu 35 za maji. Weka gramu 350 za punje zilizokaushwa kwa nyuzi 300 na kupoa ndani ya chombo kilichofungwa, funika, acha siku nzima. Mwanzoni mimina spiriti polepole, kwani punje hupata moto zikilowa.

Wengine husema azeotropu ni kampaundi mpya. Ingekuwa hivyo, uwiano usingebadilika. Lakini ukishusha kanieneo chini ya milimita 70 hivi, azeotropu hii inatoweka kabisa.

Na kwa wakenekaji wa makonyo ya karafuu kule Pemba: yujeno, sehemu kuu ya mafuta yake, huchemka kwa nyuzi 254, lakini msipandishe moto kuifuata, mtaunguza makonyo. Mafuta na maji havichanganyiki, kila kimoja hutoa mvuke wake kamili, na jumla yake hufika milimita 760 kabla kidogo ya nyuzi 100. Mvuke wa yujeno hapo ni kama milimita 3 tu, lakini molekuli yake ina uzito wa mara tisa ya maji, hivyo kilo moja ya maji yaliyokenekwa inaweza kubeba hadi gramu 40 hivi za mafuta. Mafuta yakipungua, tazama kama mvuke unapenya makonyo yote au umejitafutia njia pembeni.